Serikali inanilipa kila miezi sita, mbona hatifungani yangu imeshuka bei?

*Shikamoo mwalimu. Mwaka 2022 nilinunua hatifungani ya Serikali ya Tanzania ya miaka 25, kuponi asilimia 12.56, thamani ya shilingi milioni 20, nikalipa bei kamili ya 100. Kuponi zinaingia bila kukosa. Sasa imebakiza miaka 23, nina nyumba nataka kuipaua, nahitaji kama milioni 5. Dalali ananiambia bei ni 81.64 kwa kila 100, kwa sababu "riba zimepanda na duresheni yako ni kubwa". Riba zikipanda si ndiyo nifaidike? Na hiyo duresheni ni kitu gani?*

Marahaba mwanangu. Riba zilizopanda ni za watu wengine. Yako imeandikwa kwenye hati na haitaguswa mpaka miaka 23 iishe. Bei yako imeshuka kwa sababu hiyo hasa: wenzako wanaonunua leo wanapata zaidi, na wewe umefungwa kwenye 12.56.

Tuanze na hati ndogo kabisa. Chukua karatasi inayoahidi kulipa shilingi 110 baada ya mwaka mmoja, mara moja, basi. Ukiinunua kwa 100, umepata asilimia 10. Kesho yake soko linabadilika, na hati mpya za mwaka mmoja zinatoa asilimia 12. Mtu mwenye 100 yake mkononi anaweza kwenda kwenye hati mpya akapata 112. Atakupa kiasi gani kwa karatasi yako ya 110? Atakupa kile kiasi ambacho nacho kitamzalia asilimia 12, yaani 110 ugawe kwa 1.12, ambayo ni 98.21. Hata shilingi moja zaidi ya hapo hatoi, kwa kuwa angekuwa anajipunja. Na kama hati mpya zingeshuka hadi asilimia 8, yule yule angekupa 101.85 bila kunung'unika.

Angalia kilichotokea hapo. Ile 110 haikusogea. Kilichosogea ni bei, na kwa sababu malipo yamegandishwa, bei peke yake ndiyo yenye nafasi ya kuwapatanisha muuzaji na mnunuzi. Watu wengi hudhani kwanza mavuno, yaani asilimia anayoipata mnunuzi, yanapanda, halafu yanaisukuma bei chini, kama vile ni vitu viwili vinavyogombana. Ni kitu kimoja kinachosemwa kwa lugha mbili. Ukitaja bei, umeshataja mavuno. Kwenye mnada wa Benki Kuu ya Tanzania wazabuni huandika bei kwa kila shilingi 100, na mavuno yanatokana na bei hiyo. Mwenye kuandika bei ndogo ndiye anayedai mavuno makubwa.

Na hapa tutenganishe maneno mawili ambayo yamekuchanganya. Kuponi ni ile asilimia 12.56 ya thamani iliyoandikwa kwenye hati, haibadiliki. Mavuno, ambayo madalali huyaita yildi, ni kile ambacho mtu anayenunua leo kwa bei ya leo atakipata kwa mwaka, akihesabu kuponi zote pamoja na mtaji utakaorudi hati ikiiva. Ulipolipa 100, kuponi na mavuno vilikuwa sawa, ndiyo maana hukuona tofauti yake.

Sasa hati yako. Kila miezi sita inalipa 6.28 kwa kila 100, mara 46 zilizobaki, na mwisho inarudisha 100. Nimeigeuza bei uliyopewa kuwa mavuno, nikapata asilimia 15.5 kwa mwaka, yaani 7.75 kila nusu mwaka. Ukizigawa kuponi hizo 46 kila moja kwa muda wake wa kusubiri, ya kwanza kwa 1.0775, ya pili kwa 1.0775 mara 1.0775, na kuendelea, jumla yake ni takriban 78.4. Ile 100 ya mwisho, ya miaka 23 ijayo, leo ina thamani ya 3.2 tu. Ukijumlisha unapata 81.64. Kumbuka hiyo 3.2, nitairudia.

Mnunuzi wako naye anafaidikaje? Kuponi ya 12.56 kwa bei ya 81.64 inampa asilimia 15.38 kwa mwaka. Kisha hati ikiiva anapewa 100 kwa kitu alichokilipia 81.64. Ongezeko hilo, likisubiriwa miaka 23, linaongeza kidogo tu, na hesabu inafika 15.5. Kwa hiyo hajakuonea. Amejilinganisha na mtu aliyenunua hati mpya.

Wapo waliofurahi siku uliyonunua wewe. Hatifungani za miaka 25 zilipoanza mwaka 2021 kuponi yake ilikuwa asilimia 15.95. Mwaka 2022 Serikali ikaishusha hadi hiyo 12.56 yako. Mwenye hati ya 15.95, siku soko linapodai 12.56, hesabu inampa bei ya kama 125 kwa kila 100, bila yeye kufanya lolote. Wewe umekumbwa na safari ya kurudi ya gari lile lile.

Twende kwenye duresheni. Wazee wanaujua mzega, ule mti wa kubebea begani wenye mzigo huku na huku. Mzigo ukiwa sawa pande zote, bega linakaa katikati. Mzigo wa nyuma ukiwa mzito, bega linasogea nyuma. Sasa fikiria mti mrefu uliochorwa miaka: mwaka wa kwanza, wa pili, mpaka wa mwisho. Kwenye kila alama umetundika malipo ya mwaka huo, lakini uzito wake si kiasi kilichoandikwa kwenye hati, ni thamani yake ya leo baada ya kugawanywa kwa muda wa kusubiri. Mahali ambapo bega linapaswa kukaa ili mti usiiname, hapo ndipo duresheni ilipo. Mwanauchumi Frederick Macaulay ndiye aliyeiweka wazi hesabu hii mwaka 1938.

Nikupe mfano mfupi unaoweza kuufanya kwa kalamu. Hati ya miaka 3, kuponi asilimia 10 inayolipwa mara moja kwa mwaka, soko nalo linadai asilimia 10, kwa hiyo bei ni 100. Malipo ya mwaka wa kwanza, 10, leo yana thamani ya 9.09. Ya mwaka wa pili, 8.26. Ya mwaka wa tatu, ambayo ni 110 kwa sababu mtaji unarudi hapo, yana thamani ya 82.64. Zidisha kila thamani kwa mwaka wake, jumlisha, ugawe kwa 100: unapata miaka 2.74. Mti una urefu wa miaka 3, na bega linakaa karibu kabisa na mwisho, kwa sababu mzigo mzito uko mwisho.

Inahusiana vipi na kushuka kwa bei? Malipo yanayosubiriwa muda mrefu ndiyo yanayoumizwa zaidi mavuno yakipanda. Malipo ya mwaka mmoja yanagawanywa kwa kiwango kipya mara moja tu, lakini malipo ya mwaka wa kumi yanagawanywa mara kumi, na kila mara yanapungua. Kwa hiyo wastani wa muda wa kusubiri ndio huo huo wastani wa maumivu. Unarekebisha kidogo tu: ile 2.74 unaigawa kwa 1.10, yaani moja jumlisha mavuno ya kipindi kimoja, unapata 2.49. Hii ndiyo duresheni iliyorekebishwa, na ndiyo ambayo madalali huizungumzia. Maana yake: mavuno yakipanda kutoka asilimia 10 hadi 11, bei itashuka kwa takriban asilimia 2.49. Nikiipiga bei yenyewe upya kwa asilimia 11 napata 97.56, yaani imeshuka kwa asilimia 2.44. Kwa chombo kinachotumia namba moja tu, si haba.

Kwa hati yako, yenye malipo 46, bega linakaa kwenye mwaka wa 6.85, na ikirekebishwa ni 6.36. Hapa watu wengi hushtuka. Hati ya miaka 23, duresheni miaka 6 na kitu? Ndiyo, na sababu ni ile 3.2 niliyokuambia uikumbuke. Mtaji wako wa 100, ambao kwa macho ndio mzigo mkubwa, umetundikwa mbali mno kwenye mti, na kwa mavuno ya asilimia 15.5 umeyeyuka mpaka umebaki kama asilimia 4 ya uzito wote. Mzigo uko kwenye kuponi za miaka ya mwanzo. Mti ni mrefu, lakini ncha yake haina kitu.

Jambo hili lina matokeo ambayo hata baadhi ya wauzaji wa hati hawayasemi. Kwa hati iliyo kwenye bei kamili ya 100 na inayozaa asilimia 15.5, ya miaka 10 ina duresheni iliyorekebishwa ya 5.0, na ya miaka 25 ina 6.3. Umeongeza miaka 15 ya kusubiri, hatari ya bei ikaongezeka kwa 1.3 tu. Hata Serikali ingekuuzia hati isiyoiva milele, duresheni yake ingekuwa moja ugawe kwa 0.155, yaani 6.45. Lakini pale mavuno yalipo asilimia 2, hati ya miaka 25 ina duresheni ya 19.6. Ndiyo sababu kanuni zilizoandikwa kwa ajili ya masoko ya Ulaya, kwamba hati ndefu ni hatari kupindukia, hazihamii kwetu kama zilivyo. Huku kwetu, ukitoka hati ya mwaka mmoja kwenda ya miaka 10, ndipo hatari inapopanda mlima. Kutoka 10 kwenda 25 ni kama tambarare.

Ukitaka kuona mlima wenyewe, tazama Austria. Juni 2020 iliuza hatifungani ya miaka 100 yenye kuponi ya asilimia 0.85, wakati mavuno yalikuwa kama asilimia 0.88. Duresheni yake, ukiipiga, ni karibu 66. Mwaka 2022 riba za Ulaya zilipopanda, bei ya hati hiyo ilishuka chini ya 50. Austria haikukosa kulipa hata senti. Kwa mavuno madogo kiasi hicho malipo ya mbali hayayeyuki, kwa hiyo ncha ya mti ilikuwa na mzigo kweli kweli, na kila mavuno yaliposogea kidogo, mti mzima ulipinduka.

Sasa nikuonyeshe mahali duresheni inapokosea, maana usiibebe kama msahafu. Kwa hati yako ya miaka 23, kama mavuno yangekuwa 12.56 na bei 100, duresheni iliyorekebishwa ingekuwa 7.48. Mavuno yamepanda hadi 15.5, yaani kwa 2.94. Zidisha 7.48 kwa 2.94, unatabiri bei kushuka kwa asilimia 22 hivi, mpaka 78. Lakini dalali amekutajia 81.64, yaani imeshuka kwa 18.4 tu. Namba imekosea kwa zaidi ya 3.6, na kwa milioni 20 hiyo ni zaidi ya laki saba.

Kosa linatoka wapi? Duresheni ni mteremko wa mstari mahali uliposimama. Lakini njia ya bei si mstari ulionyooka, imepinda kama tumbo la mtumbwi. Kila mavuno yanapopanda, malipo ya mbali yanazidi kuyeyuka, bega linasogea kuelekea miaka ya mwanzo ya mti, na duresheni yenyewe inapungua. Wewe umeanza safari na 7.48 na umeimaliza na 6.36. Aliyeipima safari nzima kwa namba ya mwanzo lazima azidishe maumivu. Mpindo huu ni rafiki yako pande zote mbili. Kutoka hapo ulipo, mavuno yakipanda kwa asilimia moja kwenda 16.5, bei itakuwa 76.74, umepoteza asilimia 6.0. Yakishuka kwa kiasi hicho hicho kwenda 14.5, bei itakuwa 87.16, umepata asilimia 6.8. Duresheni ilisema 6.4 kwa pande zote. Kwa mabadiliko ya nusu asilimia au moja, iamini. Kwa mabadiliko ya asilimia tatu kama yako, piga bei yenyewe upya.

Kuna udhaifu mwingine: duresheni inajua kitu kimoja tu, mavuno. Haijui kama soko lina wanunuzi. Soko letu la upili, la kuuziana hati zilizokwisha kutolewa, halina watu wengi kila siku, na dalali anaweza kukutajia bei ya chini si kwa sababu mavuno yamepanda bali kwa sababu amepata mnunuzi mmoja mwenye njaa ya bei poa. Utajuaje? Igeuze bei kuwa mavuno, kisha ulinganishe na mavuno ya mnada wa karibuni wa hati za muda unaokaribiana na wako. Matokeo ya minada Benki Kuu huyatangaza. Kama mnada umetoka kwenye 15.4 na bei yako inamaanisha 15.5, dalali yuko sawa. Kama bei yako inamaanisha 16.5, mwambie atafute mnunuzi mwingine. Kwenye Eksel unaandika hivi, ukibadilisha tarehe ziwe za hati yako, ya kwanza siku ya kuuza, ya pili siku ya kuiva:

```
=YIELD(DATE(2024,5,15),DATE(2047,5,15),12.56%,81.64,100,2)
=PRICE(DATE(2024,5,15),DATE(2047,5,15),12.56%,15.5%,100,2)
=MDURATION(DATE(2024,5,15),DATE(2047,5,15),12.56%,15.5%,2)
```

Ya kwanza inakupa mavuno, ya pili bei, ya tatu duresheni iliyorekebishwa. Ile 2 ya mwisho ni idadi ya kuponi kwa mwaka. Bei hiyo haina ndani yake riba iliyokwisha kulimbikizwa tangu kuponi ya mwisho. Hiyo mnunuzi anakulipa juu yake. Ukiuza miezi mitatu baada ya kuponi, kwa kila 100 unastahili 3.14 zaidi. Niliwahi kumwona mtu akikubali bei iliyochanganya vyote viwili akidhani ni bei tupu, akapoteza nusu ya kuponi yake bila kujua. Uliza waziwazi: bei hii ni pamoja na riba iliyolimbikizwa au bila?

Kwa kweli, hasara uliyoipata ni ya aina gani? Kwa bei ya leo hati yako ni shilingi 16,328,000, pungufu ya 3,672,000. Ukiuza, hasara inaingia mfukoni. Usipouza, bado ipo, ila inaonekana kwa sura nyingine: kwa miaka 23 utapokea 12.56 wakati wengine wanapokea zaidi. Sikubaliani na wanaosema "hasara ya karatasi si hasara". Ni hasara ile ile, umeilipa kwa awamu.

Lakini hapo ndipo watu hukimbilia kosa jingine, kuuza yote ili kuhamia kwenye hati mpya yenye kuponi nene. Piga hesabu. Hati yako inakupa 2,512,000 kwa mwaka. Ukiuza, ukachukua 16,328,000 na kununua hati mpya yenye kuponi ya 15.5 kwa bei ya 100, utapata 2,530,840. Umeongeza kama shilingi elfu kumi na tisa kwa mwaka, na badala ya kurudishiwa milioni 20 mwishoni utarudishiwa milioni 16.3. Na dalali amekata ada yake, pengine mara mbili. Soko limeshalipa tofauti ndani ya bei, hakuna kilichobaki cha kukimbilia.

Kinachokuponya ni kuponi zenyewe, kama huzili. Kila miezi sita unapata 1,256,000, na kiwango cha chini cha kununua kwenye mnada ni shilingi milioni moja, kwa hiyo kila kuponi inatosha kununua hati mpya kwa mavuno mapya, makubwa. Hapo ndipo duresheni inaonyesha uso wake wa pili. Siku uliponunua, bega la mti wako, bila kurekebishwa, lilikuwa kwenye mwaka wa 8.06. Tuseme mavuno yangeruka kutoka 12.56 kwenda 15.5 kesho yake tu, kisha yakakaa hapo. Bei ingeanguka mpaka 81.49. Lakini thamani hiyo sasa ingekua kwa 7.75 kila nusu mwaka badala ya 6.28, mradi kila kuponi unairudisha kazini. Baada ya miaka 8 ungekuwa na 269 kwa kila 100 uliyoweka. Kama mavuno yasingesogea kabisa, ungekuwa na 265. Kabla ya mwaka wa nane uko nyuma, baada yake uko mbele. Duresheni ni takriban ule mwaka ambapo anguko la bei na neema ya kuponi vinalipana.

Kwa hiyo swali la kujiuliza siku ya kununua ni fedha hizi nitazihitaji lini. Mwenye kuzihitaji baada ya miaka miwili, akanunua hati yenye bega kwenye mwaka wa nane, ameweka dau kwamba riba hazitapanda, hata kama moyoni alidhani anaweka akiba tu. Wewe ulikuwa na hitaji la bati na mbao lililokuwa karibu kuliko bega la mti wako. Sehemu hiyo ya fedha ilikuwa ya hati ya miaka 2, au ya dhamana za muda mfupi za siku 364.

Kwa sasa usiuze milioni 20 zote. Unahitaji milioni 5, na kwa bei ya 81.64 hati za milioni 6.2 zitakupa 5,061,680 kabla ya ada ya dalali, pamoja na riba iliyolimbikizwa kama utauza katikati ya vipindi vya kuponi. Zitabaki milioni 13.8, na kuponi yako ya kila miezi sita itashuka kutoka 1,256,000 hadi 866,640, ambayo haifiki tena milioni moja ya mnada, kwa hiyo utalazimika kuunganisha kuponi mbili kabla ya kununua hati nyingine. Kama fundi wako anaweza kusubiri kuponi inayofuata, mpe ile 1,256,000 kwanza, kisha uuze hati za milioni 4.6 tu: zitakupa 3,755,440, na jumla inafika milioni 5 na ziada ndogo ya kumlipa dalali.